Jinsi ya kumkatalia jirani waifai kwa ujumbe, na kumwonyesha njia nyingine

Ombi lenyewe huja kirahisi sana. Uko mlangoni unatoa takataka, jirani anapita, mnasalimiana, kisha: "Naona mmevuta waifai. Si unipe paswedi, ni ya WhatsApp tu." Kwenye nyumba zetu za Dar es Salaam, ambako ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa jikoni kwa mwenzako, ombi hilo halina ubaya wowote. Huyohuyo ndiye anayekupokelea mgeni usipokuwepo na kukuanulia nguo mvua ikinyesha. Ndiyo maana kumkatalia kunaumiza kichwa kuliko kumkatalia mtu wa mbali.

Mimi mara ya kwanza niliharibu. Nilisema "nitaangalia", nikakaa wiki mbili nikimkwepa kwenye korido, mwishowe nikampa kwa aibu. Baada ya mwezi nilifungua ukurasa wa ruta nikakuta vifaa kumi na moja, wakati kwetu tuna vinne. Hakuna aliyeiba kitu. Paswedi ilitembea tu, kama zinavyotembea. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajatoa na hataki kutoa, ila anataka kesho asubuhi asalimiane na jirani kama jana.

Mlangoni: usikubali, usikatae, omba siku moja

Kosa kubwa hutokea hapa, kabla ya ujumbe wowote kuandikwa. "Nitaangalia" kwa masikio ya jirani ni ndiyo iliyochelewa. Kila siku inayopita bila jibu anazidi kuihesabu kuwa yake, na ukikataa baada ya wiki mbili ataona umemnyang'anya kitu. Sema badala yake: "Nimekusikia jirani. Ngoja niongee na mwenzangu, kesho jioni nitakujibu." Umetaja siku, kwa hiyo hutakwepa. Kama unaishi peke yako, sema tu "ngoja nifikirie, kesho jioni nitakujibu". Usimbuni mwenza.

Hapohapo uliza jambo moja, kwa upole: "Kwani bando linawasumbua kwenye nini hasa?" Bila jibu la swali hili utaishia kumpa ushauri wa jumla ambao hautamsaidia. Waifai si shida yenyewe. Shida inaweza kuwa mtoto wa kidato cha nne anayetafuta mitihani ya nyuma, bando linaloisha siku ya pili, maombi ya mkopo wa chuo yenye tarehe ya mwisho, au mpira wa Jumapili. Kila moja lina dawa yake, na nyingi kati ya hizo hazihitaji paswedi yako.

Chagua sababu moja isiyo na mlango wa nyuma

Uongo usiujaribu. Ukisema ruta imeharibika, simu yake inamwonyesha jina la mtandao wako likiwa na mistari yote imejaa. Ukisema kifurushi kimeisha, anasikia katuni za watoto wako kupitia dirishani. Ukisema umesahau paswedi, Jumapili atamwona shemeji yako amekaa barazani akicheka na simu. Kukataliwa atasahau, kudanganywa hatasahau.

Lakini hata ukweli mwingine una tatizo, kwa sababu unakaribisha mjadala. Ukisema "intaneti yetu ni ndogo", jibu linakuja: "Basi nitatumia usiku tu." Ukisema "ni ghali", anasema: "Nitachangia elfu kumi kila mwezi." Ukisema "natumia kwa kazi", unaambiwa: "Wikiendi je?" Kila sababu inayohusu kiasi, bei au muda inageuka kuwa bei ya kuanzia sokoni, na wewe hukwenda sokoni.

Sababu inayosimama ni ya utaratibu wa nyumba: "Kwetu tumekubaliana paswedi isitoke nje ya nyumba, kwa mtu yeyote." Haina kiasi cha kupunguza, wala haimsemi yeye. Ila lazima iwe kweli. Kabla ya kuiandika, kaeni mkubaliane, kisha muishike. Kama ulishampa jirani wa upande wa pili, sababu hiyo huna, na unapaswa kuanza na kubadilisha paswedi.

Kwa ajili yako mwenyewe, ujue kwa nini utaratibu huo una mantiki, ingawa maelezo haya hayaingii kwenye ujumbe. La kwanza ni jina. Huduma imesajiliwa kwako, na vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta yako huonekana huko nje kwa anwani moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamlenga aliyetenda, lakini anayetafutwa akianza kufuatwa kwa anwani ile, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye laini. Soma pia mkataba wako, maana kampuni nyingi zinazouza kifurushi cha nyumbani hukataza kukigawa nje ya makazi yako.

La pili ni hewa yenyewe. Watu hudhani simu moja ya jirani ni mzigo mdogo. Waifai hufanya kazi kwa zamu: kifaa kimoja kikiongea na ruta, vingine kwenye chaneli ile vinasubiri. Simu iliyo nyumba ya pili, nyuma ya kuta mbili za tofali, hupata mawimbi hafifu, hivyo huongea polepole na zamu yake hurefuka. Video anayoitazama kwa shida inaweza kukukwamisha wewe uliyekaa mita mbili kutoka kwenye ruta. Halafu kama kifurushi chako ni cha megabiti 10 kwa sekunde, runinga mbili zenye video ya HD, kila moja ikitaka kama megabiti 5, zimekimaliza.

La tatu ni paswedi kutembea. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni huonyesha msimbo wa QR wa mtandao ambao zimeunganishwa nao. Rafiki wa mtoto wa jirani anaupiga picha, na kazi imekwisha. Hakuna hata aliyehitaji kuyaandika yale maneno magumu uliyoyapanga.

Kuna watakaokushauri ufungue mtandao wa wageni, ile "Guest network" iliyopo kwenye ruta nyingi. Ni nzuri kwa mgeni wa saa mbili, kwa kuwa humtenga na kompyuta na printa zako. Kwa jirani wa kudumu haiondoi tatizo la jina wala la zamu, na siku ukiifunga utakuwa umemkatalia mara ya pili, safari hii kwa kishindo. Kama moyo wako unataka kumpa, mpe. Usijifiche nyuma ya njia ya katikati.

Andaa njia mbadala kabla ya kuandika neno

Mbili zinatosha. Ukimwandikia orodha ya saba ataona umemfukuza na kipeperushi. Chagua zinazolingana na jibu alilokupa mlangoni.

Bando linaloisha haraka mara nyingi lina mlaji aliyejificha. Kwenye mipangilio ya simu yake kuna sehemu ya matumizi ya data inayopanga programu kuanzia inayokula zaidi, na hapo ndipo pa kuanzia. Mara nyingi utakuta ni video fupi zinazojicheza zenyewe, au picha za makundi ya WhatsApp zinazojipakua bila yeye kuzigusa. Kwa WhatsApp, ingia `Settings`, kisha `Storage and data`, halafu `When using mobile data`, na uondoe alama zote. Ukurasa huohuo una `Use less data for calls`, iwashe. YouTube ishushwe hadi 360p, kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo lakini bando litaiona. Kisha mtazame pamoja menyu ya mtandao wake, kwa mfano *149*01# kwa Vodacom au *149*99# kwa Airtel. Nimeona watu wanaonunua bando la siku kila asubuhi mwezi mzima bila kujumlisha. Jumlisheni pamoja, halafu mlinganishe na la mwezi.

Mtoto wa shule anahitaji mafaili zaidi ya anavyohitaji mtandao. Mitihani ya miaka iliyopita na zile taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa unaweza kuzipakua wewe, ukamrushia kwa Bluetooth au Xender bila yeye kutumia hata kilobaiti ya bando lake. Umetoa faili na paswedi imebaki kwako. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu jirani anaondoka na kitu mkononi.

Maombi ya mkopo wa HESLB au ya ajira serikalini ni kazi ya siku moja. Steshenari yenye kompyuta na skana inamfaa kuliko hata waifai yako, maana vyeti vinatakiwa kuskaniwa. Mtajie steshenari unayoijua ni ya uhakika, na umkumbushe asiache paswedi ya akaunti yake kwenye kompyuta ya watu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed inamfaa mwanafunzi anayetaka kukaa kutwa. Kwa mtu wa WhatsApp usiitaje hata kidogo: nauli ya kwenda na kurudi tayari ni bando.

Na kama nyumba nzima inataka mtandao wa kila siku, njia ya kweli ni wavute wao. Faiba ikishafika kwako, mara nyingi na wao wanaweza kufikiwa. Mpe namba ya huduma kwa wateja ya kampuni, au ya ofisi yao, badala ya kumwahidi kwamba utamletea fundi. Ukimwahidi fundi, fundi asipotokea deni ni lako.

Ujumbe wenyewe

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Jirani tumwite Mama Asha, rika lako, anauza vitenge kupitia WhatsApp, na Asha yuko kidato cha nne. Mlangoni alisema bando linaisha kwa sababu ya biashara na mitihani ya mtoto. Kesho yake jioni, kama ulivyoahidi, unaandika:

> Habari za jioni Mama Asha, poleni na majukumu. Nimeongea na Baba Juma kuhusu waifai. Naomba utuwie radhi, hatutaweza kuitoa. Hapa kwetu tumekubaliana paswedi isitoke nje ya nyumba, kwa mtu yeyote.
>
> Kuhusu Asha: nitampakulia mitihani ya nyuma ya Hesabu na Kemia. Aje na simu yake Jumamosi saa nne asubuhi nimrushie, haitakula bando.
>
> Na kwenye WhatsApp kuna sehemu inapakua picha za makundi yenyewe bila mtu kujua. Siku hiyohiyo nitakuonyesha pa kuizima, ni dakika tano tu. Kile kitenge cha bluu bado kipo?

Tazama mpangilio. Salamu ni fupi na ya kawaida. Ukianza na mistari sita ya "natumaini u mzima wa afya", atajua kuna msiba unakuja. Jibu liko juu, kwenye aya ya kwanza, na limesemwa kwa neno lisilo na shaka: "hatutaweza". Wengi huandika "kwa sasa hatutaweza", wakidhani wanapunguza makali. "Kwa sasa" maana yake rudi mwezi ujao, naye atarudi.

Radhi imeombwa mara moja tu. Ya pili inampa kazi ya kukufariji, na ya tatu inaanza kunuka uongo. Angalia pia kilichokosekana: hakuna neno "usalama", hakuna "watu wabaya", hakuna "siku hizi mtandaoni kuna wizi". Maneno hayo ni ya kweli lakini msomaji wake ni Mama Asha, na yeye atasoma kwamba unamhesabu mwizi.

Msaada una siku, saa na kipimo. "Nikipata nafasi nitamsaidia Asha" ni ahadi ya hewa, na jirani anaijua. "Jumamosi saa nne" inamwonyesha kwamba umelifikiria ombi lake. Kipimo nacho kinakulinda: mitihani ya masomo mawili na dakika tano za simu, si kufungua darasa la kompyuta sebuleni.

Swali la kitenge si pambo. Linampa jambo jepesi la kujibu, asilazimike kuandika lile "sawa" kavu ambalo ninyi wawili mtalitazama kwa wiki nzima. Liulize tu kama kweli kitenge kipo na unakitaka. Kama hakuna la kuuliza, malizia "jioni njema" na inatosha.

Sauti au maandishi? Kama mmezoeana kutumiana sauti, sauti inabeba upole zaidi, mradi isizidi nusu dakika. Sauti ndefu hugeuka kujitetea. Na usiandike kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji hata kama ombi lilitolewa huko. Jibu la kukataa ni la mtu mmoja na mtu mmoja.

Anapokuwa mkubwa wako, kijana, au mwenye nyumba

Kwa mtu mzima unayemwamkia, ujumbe pekee ni utovu wa adabu. Nenda mwenyewe. "Shikamoo mama. Nimekuja kuhusu lile la jana. Naomba radhi mama yangu, paswedi tumekubaliana isitoke nje. Ila nipe simu nikuangalizie bando linakwenda wapi." Mara nyingi mzee hakuwa anataka waifai, alikuwa anataka video ya mjukuu aliye mbali ifunguke, na utalimaliza hapohapo. Ujumbe utumike tu kama yuko safarini.

Kwa kijana wa chumba cha pili anayetaka kutazama mpira, fupisha: "Mambo kaka. Waifai hatutoi nje ya nyumba, usinielewe vibaya. Kama ni mechi ya Jumapili, karibu tuangalie hapa." Lakini mkaribishe ikiwa unamaanisha. Atakuja, na huenda akaja na mwenzake.

Mwenye nyumba ndiye mgumu, kwa sababu ana funguo za maisha yako. Sababu ni ileile, ila kwake njia mbadala ya kutaja ni moja: avute huduma ya nyumba nzima kwa jina lake, kwa kifurushi ambacho kampuni inaruhusu wapangaji wengi, na gharama aiingize kwenye kodi. Mweleze hivyo kwa heshima, ana kwa ana, na wala usifanye kama unamfundisha biashara.

Akirudi tena

Karibu kila mara kutakuwa na awamu ya pili. Akisema atachangia, mjibu: "Asante sana, najua ungechangia kweli. Si suala la pesa, ni ule utaratibu wetu. Jumamosi iko palepale." Akisema ni ya mtoto tu: "Ndiyo maana nikasema Asha aje. Anipe orodha ya masomo, nimpakulie yote." Umeona kwamba hakuna sababu mpya iliyoongezwa. Ukiongeza ya pili, umekiri kwamba ya kwanza haikutosha, na ataishambulia ile dhaifu zaidi.

Akinyamaza na alama mbili za bluu zikaonekana, usitume ujumbe wa kuuliza kama amekasirika. Kesho asubuhi msalimie kwa sauti yako ya kila siku. Ukipunguza sauti au ukakwepa macho, wewe ndiye utakayemfundisha kwamba kuna ugomvi.

Funga mlango wa ndani

Ujumbe mzuri huharibiwa na mtoto wako wa miaka kumi, anayeijua paswedi na anacheza na Asha kila jioni. Waambie wa nyumbani siku ileile mlivyoamua, pamoja na dada wa kazi, na uwape la kusema: "Muulize mama."

Kisha geuza ruta uangalie chini. Kama paswedi unayotumia ndiyo iliyochapwa kwenye stika, kila mgeni aliyewahi kukaa karibu nayo angeweza kuipiga picha. Fungua kivinjari ukiwa umeunganishwa, andika anwani iliyo kwenye stika hiyo, mara nyingi ni `192.168.1.1` au `192.168.0.1`, ingia na ubadilishe. Badilisha na paswedi ya kuingilia ukurasa huo, maana nayo iko kwenye stika ileile. Kama kuna kipengele cha WPS, kizime: kinaruhusu kifaa kuunganishwa kwa kubonyeza kitufe cha ruta, bila paswedi.

Fanya hivyo kabla ya kutuma ujumbe, si baada yake. Kama simu ya Asha ilikuwa tayari imeunganishwa kimyakimya kupitia mwanao, itakatika, na Mama Asha anaweza kukuuliza. Mwambie ukweli: tumebadilisha paswedi, na ujumbe wangu unakuja jioni hii.

Ijumaa usiku pakua yale mafaili na uyafungue moja moja uhakikishe hayajaharibika. Asha atagonga saa nne kamili, na pengine saa tatu na nusu.